Basi la Mwisho Limebadilishwa Saa: Tangazo la Steji Linavyotungwa na Jinsi ya Kulisikia Sawasawa

Ratiba ya gari inapobadilika, wakazi wengi hawaisomi popote. Wanaisikia kwenye spika ya steji au ya soko, na walio wengi zaidi wanaambiwa tu na mtu aliyeisikia. Mwenye kibanda humwambia mteja, mteja humwambia mwanabodaboda, na jioni habari hufika nyumbani kwa mtu ambaye hakukanyaga steji siku hiyo. Mtu huyo wa mwisho ndiye anayepanga safari yake ya kesho kwa maneno hayo.

Kwa sababu hiyo, tangazo la spika hutungwa tofauti na barua au bango. Bango husomwa mara mbili na mtu akapiga picha kwa simu. Tangazo hupita hewani mara moja na linabaki kichwani tu. Linalobaki kichwani ni fupi, na ndilo linalopelekwa kwa mwingine. Makala haya yanaeleza namna tangazo kama hilo linavyopangwa, mahali linapoharibikia, na mambo ambayo mkazi anapaswa kuyashika masikioni.

Mfano utakaotumika ni wa kuelezea tu. Si taarifa ya mabadiliko ya gari lolote.

Mfano: basi la jioni la Wundanyi

Tuseme katika steji ya Voi basi la mwisho la kwenda Wundanyi limezoeleka kuondoka saa kumi na mbili jioni. Sasa litakuwa likiondoka saa kumi na moja jioni, kuanzia Jumatatu.

Jambo la kwanza la kuangalia ni upande ambao saa imeelekea. Basi likicheleweshwa, aliyekosa habari atasubiri. Atachoka na kulalamika, lakini atasafiri. Basi likiondoka mapema, aliyekosa habari atafika steji na kukuta limekwenda. Mama aliyeshuka asubuhi kuuza mboga, au mgonjwa aliyekuja kliniki, atalazimika kutafuta mahali pa kulala mjini au kukodi pikipiki usiku kupanda mlima. Mabadiliko ya kuleta saa mapema ndiyo yenye hasara, na tangazo lake ndilo linalohitaji uangalifu zaidi.

Tangazo lililojaa

Mara nyingi tangazo la namna hii husomwa hivi:

"Uongozi wa steji hii unapenda kuwatangazia wateja wetu wapendwa kwamba, kutokana na sababu zisizoepukika, ratiba ya magari ya Wundanyi ambayo awali basi la mwisho lilikuwa likiondoka saa kumi na mbili jioni imefanyiwa marekebisho na kusogezwa nyuma, na kuanzia kesho basi hilo litaondoka saa kumi na moja badala ya saa kumi na mbili. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Hakuna neno la uongo humo, lakini lina kasoro nne.

Kwanza, jina la Wundanyi linakuja likiwa neno la 19. Msafiri wa Taveta au wa Mwatate hajui kama tangazo linamhusu, na wa Wundanyi pia hajui. Mtu asiyejua kama anahusika huendelea na mazungumzo yake.

Pili, saa ya zamani imetajwa mara mbili na saa mpya mara moja tu. Tena saa ya zamani ndiyo ya kwanza kusikika na ndiyo ya mwisho. Aliyeshika nusu ya tangazo ataondoka na "kumi na mbili", ambayo tayari alikuwa nayo kichwani. Atakayemsimulia mwenzake atasema, "Wametangaza mambo ya saa kumi na mbili." Hapo tangazo limethibitisha saa ambayo lilikuja kuifuta.

Tatu, kuna maneno "kusogezwa nyuma". Katika Kiswahili cha kila siku maneno hayo hayana maana moja. Kuna anayeelewa kwamba muda umerudi nyuma, yaani basi litaondoka mapema. Mwingine anaelewa kwamba basi limerudishwa nyuma kwenye foleni, yaani litachelewa. "Kusogezwa mbele" kuna shida hiyo hiyo. Maneno yasiyogombaniwa ni "mapema" na "kuchelewa".

Nne, kuna neno "kesho". Tangazo likisomwa Jumapili, kesho ni Jumatatu. Karatasi hiyo hiyo ikisomwa tena Jumatatu, kesho imekuwa Jumanne. Na aliyelisikia Jumapili akamsimulia jirani Jumatatu asubuhi hubeba neno "kesho" lililokwisha muda wake. Tangazo linalotakiwa kurudiwa litaje jina la siku.

Tangazo lililofupishwa

Habari ile ile inaweza kusemwa hivi:

"Tangazo! Tangazo! Wasafiri wa Wundanyi! Basi la mwisho linaondoka mapema: saa kumi na moja jioni. Kuanzia Jumatatu, mwanzo wa wiki. Wundanyi, saa kumi na moja jioni."

Ni maneno 26, na yakisomwa polepole hayafiki nusu dakika. Kila kipande kina kazi yake.

Neno "tangazo" likisemwa mara mbili ni la kugeuza vichwa. Katika kelele za steji maneno ya kwanza hupotea daima, kwa hiyo mwanzoni huwekwa neno ambalo likipotea hakuna hasara. Baada yake msomaji hunyamaza kidogo, watu wapate kutega masikio.

Kisha anatajwa anayehusika, kabla ya jambo lenyewe. Wa Wundanyi anasimama kusikiliza, wa Taveta anaendelea na shughuli zake.

Halafu linakuja jambo moja tu: basi gani, limeelekea upande gani, saa ngapi. Saa ya zamani haitajwi kabisa. Neno "mapema" linatosha kumweleza msikilizaji kwamba alichozoea kimebadilika, na linamlinda hata asiposikia saa yenyewe. Mtu aliyeambiwa tu kwamba "la Wundanyi linaondoka mapema siku hizi" atakwenda kuuliza.

Mwisho, mahali na saa vinarudiwa. Maneno ya mwisho ndiyo yanayobaki masikioni, na ndiyo msikilizaji atakayompa mwenzake.

Sababu ya mabadiliko haimo, na radhi haimo. Hivyo vina nafasi yake kwenye bango na kwa karani wa tiketi. Ikiwa magari mawili yamebadilika, husomwa matangazo mawili yenye kimya katikati, maana saa mbili zikiwa katika pumzi moja hubadilishana magari zikifika mdomo wa tatu.

Majina ya saa na ya siku yanayofanana

Spika kuukuu na injini za matatu hula sehemu ya kila neno. Kwa bahati mbaya, baadhi ya majina ya saa katika Kiswahili yanakaribiana sana. "Saa nne" na "saa nane" hutofautiana kwa sauti moja fupi. "Sita" na "tisa" zina herufi zile zile, zimebadilishana nafasi tu. "Saa mbili kasorobo" ikikatwa mkia huwa "saa mbili", na msafiri huchelewa kwa robo saa.

Dawa yake ni kutaja kipindi cha siku kila mara saa inapotajwa. "Saa nne asubuhi" na "saa nane mchana" hazichanganyiki tena, kwa kuwa asubuhi na mchana hazifanani. Vivyo hivyo "saa sita mchana" na "saa tisa alasiri". Usiku ndio mgumu, kwa sababu saa nne na saa nane zote ni usiku. Kwa basi la usiku ni afadhali kusema "saa nane, usiku wa manane".

Basi la usiku lina mtego mwingine. Basi linaloondoka saa saba usiku "wa Jumamosi" ni la usiku upi? Kwa hesabu ya simu, siku hubadilika saa sita usiku. Kwa hesabu ya kale ambayo wengi wa Pwani wanaifuata hadi leo, siku mpya huanza jua linapotua, na usiku hutangulia mchana wake. Watu wawili wanaweza kupishana siku nzima bila yeyote kukosea kwa hesabu yake. Maneno yanayoondoa shaka ni "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi".

Majina ya siku nayo yana hatari. Katika "Jumatatu" na "Jumatano", sauti hupandishwa kwenye "ta", na kinachotofautisha maneno hayo ni silabi ya mwisho, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Katika kelele mtu husikia "Jumata…" na kujimalizia mwenyewe. Ndiyo maana mfano wetu umeongeza "mwanzo wa wiki". Kama ingekuwa Jumatano, ingefaa kusema "Jumatano, katikati ya wiki".

Iko pia shida ya saa mbili za Kenya. Saa kumi na moja jioni ya Kiswahili ndiyo inayoonekana kwenye simu kama 5:00 PM. Wakazi wengi hutumia hesabu zote mbili bila kufikiri, lakini wanapohama kutoka moja kwenda nyingine ndipo namba hupotea. Tangazo likisomwa kwa Kiswahili, saa isemwe kwa Kiswahili tu. Kama linasomwa pia kwa Kiingereza au kwa Kitaita, kila lugha isomwe peke yake, na kimya kati yake. Anayesikia "kumi na moja" na "faivu" katika sentensi moja huondoka na namba mbili, asijue ipi ya kushika.

Kwenye bango tatizo hili ni kubwa zaidi. "Saa 11:00 jioni" ikiandikwa kwa tarakimu, kuna atakayeisoma kama 11:00 PM ya simu, ambayo ni saa tano usiku. Bango zuri huandika saa kwa maneno, na chini yake mstari mmoja: "Simu yako itaonyesha 5:00 PM." Bango hilo lazima liwepo, kwa kuwa spika haiwafikii viziwi, na lazima litumie maneno yale yale ya tangazo.

Kuongeza sauti si suluhisho

Watu wakilalamika kwamba hawakusikia, jambo la kwanza linalofanywa ni kufungulia sauti hadi mwisho. Mara nyingi hali huzidi kuharibika. Spika ya steji ile yenye mdomo mpana kama tarumbeta hutoa vizuri sauti za katikati, lakini ikisukumwa kupita uwezo wake hukwaruza, na herufi laini kama "s" na "f" ndizo za kwanza kuzama. Aliye karibu huziba masikio, na aliye mbali husikia mngurumo usio na maneno.

Mahali penye spika mbili au zaidi pana tatizo jingine. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa karibu mita 340 kwa sekunde. Aliyesimama mita 20 kutoka spika moja na mita 88 kutoka ya pili husikia neno lile lile mara mbili, la pili likichelewa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Huo ni muda wa kutamka silabi moja. Msomaji akienda kwa kasi, "moja" ya spika ya kwanza huangukiwa na "na" ya spika ya pili. Ukuta mrefu mkabala na steji hufanya vivyo hivyo kwa mwangwi.

Tiba ni kusoma polepole, na kunyamaza kidogo kabla ya saa na baada yake. Maiki ishikwe karibu na mdomo, nyuma ya spika, kwa kuwa ikiwa mbele yake sauti huizunguka na kutoa mlio mkali. Kama inawezekana, isubiriwe injini iliyo karibu izimwe au gari liondoke.

Tena kelele zenyewe zina mipaka yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti kazi ya kusimamia masoko na uchukuzi wa barabara wa kaunti, na pia kazi ya kudhibiti kelele. Steji iliyo karibu na shule, hospitali au nyumba za watu haiwezi kufanya spika kuwa jawabu la kila jambo. Tangazo fupi linaloeleweka mara ya kwanza hupunguza haja ya kulipiga mchana kutwa.

Litangazwe saa ngapi na wapi

Tangazo linapaswa kuwakuta wanaohusika. Abiria wa basi la mwisho hawako steji saa tatu asubuhi. Wanaanza kukusanyika alasiri, kwa hiyo tangazo la mfano wetu lingesomwa kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni, kila baada ya dakika kama kumi, kwa siku kadhaa kabla ya Jumatatu. Siku moja kati ya hizo iwe siku ya soko, maana wako wakazi wanaoshuka mjini siku hiyo tu.

Upande wa pili wa safari husahaulika mara nyingi. Anayetoka Wundanyi asubuhi ndiye atakayerudi na basi la jioni. Akiambiwa Voi jioni ameambiwa akiwa amechelewa. Akiambiwa asubuhi anapopanda gari Wundanyi, anapanga siku yake yote. Hapo hata spika haihitajiki: makanga anaweza kusema maneno yale yale kabla gari halijang'oa.

Jumatatu ikifika, tangazo hubadilika neno moja. "Kuanzia Jumatatu" huondolewa na kuwekwa "sasa", kwa sababu anayelisikia Alhamisi anaweza kudhani ni Jumatatu ijayo. Liendelee hivyo kwa wiki moja au mbili, kisha likome.

Kujaribu kabla na kusahihisha baadaye

Jaribio la tangazo ni rahisi na halina gharama. Lisomwe mara moja. Mtu asimame ukingoni mwa steji, mahali sauti ni dhaifu, na awaulize watu watatu wasiojuana, kwa mfano mama mboga, mwanabodaboda na abiria: "Wametangaza nini?" Asiwasaidie kwa kuwatajia saa. Kama wote wataja Wundanyi, mapema, saa kumi na moja jioni na Jumatatu, tangazo limefika. Kama wawili wanataja saa tofauti, kosa liko kwenye tangazo wala si kwa wasikilizaji. Kisha mmoja wao aombwe amweleze mwenzake asiyesikia, naye aulizwe. Neno linaloanguka hapo ndilo lingeanguka njiani kuelekea kijijini.

Inatokea pia saa isiyo sahihi ikaenea. Kishawishi ni kutangaza, "Si saa kumi na mbili, msiamini wanaosema saa kumi na mbili." Hilo huirudisha saa ya uongo masikioni mara mbili zaidi. Masahihisho yanayofaa hutaja saa ya kweli peke yake, kwa maneno yale yale ya mwanzo, na kuongeza mahali pa kuuliza: "Uliza kwa karani wa tiketi."

Mkazi afanye nini

Kwa upande wa msikilizaji, kuna mambo manne ya kushika: gari la wapi, saa ngapi, kipindi gani cha siku, kuanzia siku gani. Moja likikosekana, lisijazwe kwa kukisia. Karani wa tiketi, msimamizi wa steji au afisa wa soko anaweza kuulizwa, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, zikiwemo za steji na masoko yanayosimamiwa na kaunti.

Anayempelekea mwenzake habari aitoe kama alivyoisikia, akitaja jina la siku badala ya "kesho", na kipindi cha siku pamoja na saa. Anayepokea airudie kwa sauti: "Wundanyi, mapema, kumi na moja jioni, Jumatatu." Kama hakuweza kuirudia, bado hajaipata.

Na pale saa inapoonekana kuwa na shaka, uchaguzi salama ni saa iliyo mapema zaidi. Aliyefika saa kumi kwa basi la saa kumi na moja atakaa kwenye benchi saa nzima, lakini usiku atalala kwake.